Saa za miraa: raha hutangulia, usingizi huchelewa

Mwaka 1887 wanakemia wawili wa Ulaya, Flückiger na Gerock, walichambua majani ya miraa wakitafuta kile kinachomfanya mtu akeshe akizungumza hadi alfajiri bila kuhisi njaa. Walipata alkaloidi, wakaipa jina katini. Mwaka 1930 mwenzao Wolfes akaibainisha zaidi, na dutu hiyo ndiyo tunayoiita kathini leo. Kwa miaka mingi baada ya hapo jibu likawa limefungwa: nguvu ya miraa ni kathini. Tatizo ni kwamba kathini ni dhaifu. Ukimpa mtu kiasi chake kinachopatikana katika jani, hapati msisimko anaoupata mlaji wa miraa. Fumbo hilo lilikaa bila jibu kwa sababu majani mengi yaliyofika maabara za Ulaya wakati ule yalikuwa yamesafiri wiki kadhaa na kukauka njiani.

Jibu lilipatikana mwaka 1975, pale maabara ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipochunguza majani mabichi. Humo ilikutwa dutu nyingine iliyopewa jina kathinoni, ambayo umbo lake linakaribiana sana na amfetamini. Kathinoni ndiyo iliyokuwa ikitafutwa muda wote huo. Ilikuwa ikipotea njiani kabla ya kufika mikononi mwa wataalamu.

Mkulima wa Igembe hakuhitaji maabara kulijua hilo. Miraa ya milima ya Nyambene huchumwa mapema, hufungwa mafungu mafungu, huviringishwa kwa majani ya mgomba ili isipoteze unyevu, kisha hupakiwa kwenye pikapu zinazotoka Maua kwa mwendo ambao kila anayetumia barabara ile anaujua na kuuogopa. Watu wamekufa kwa sababu ya mwendo huo. Haraka yote hiyo ina chanzo kimoja: bidhaa inazidi kubadilika mara tu inapokatwa mtini, na mnunuzi wa Mombasa au Mogadishu ataijua iliyolala kwa kuitazama tu, na akiitafuna ataijua zaidi.

Mabadiliko yenyewe hayaanzi baada ya kuchuma. Mti hutengeneza kathinoni katika machipukizi, yale majani machanga ya ncha na ganda laini la vijiti vyake. Kadiri jani linavyokomaa, vimeng'enya vilivyomo huigeuza kathinoni kuwa kathini na dutu ya tatu iitwayo norefedrini. Ndiyo maana jani kubwa la kijani lililokomaa halina bei, na kijiti chekundu chenye ncha changa kina bei. Baada ya kuchumwa, jani linaponyauka polepole likiwa na unyevu na joto, kazi hiyo ya kugeuza huendelea, na sehemu nyingine ya kathinoni huungana yenyewe kwa yenyewe ikawa kitu kisicho na msisimko. Hapo ndipo inapotoka ile kauli kwamba miraa hufa baada ya saa 48. Kauli hiyo ni kweli kwa fungu linalonyauka ndani ya gunia, lakini si sheria ya kila jani. Uchunguzi wa maabara wa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba jani likikaushwa vizuri na mapema, kathinoni huweza kubaki humo kwa muda mrefu, na ndiyo sababu forodha za Ulaya hukamata miraa kavu iliyotumwa kama majani ya chai.

Sasa ni kiasi gani kimo? Kipimo kinachotajwa mara nyingi, kilichopatikana kwa kuchambua sampuli kutoka nchi mbalimbali, ni wastani wa miligramu 36 za kathinoni, 120 za kathini na 8 za norefedrini katika gramu 100 za majani mabichi. Huo ni wastani tu. Machipukizi yaliyochaguliwa vizuri yanaweza kuwa na kathinoni mara kadhaa zaidi, na majani ya chini ya mti huohuo yakawa karibu hayana kitu. Sokoni nako hakuna njia ya kujua. Kilo ya miraa si kilo ya mizani. Ni bunda la mafungu madogo, na uzito wake hutegemea aina, msimu na mkono wa aliyelifunga. Muguka wa Mbeere, ambao ni majani yaliyokwanyuliwa na kuuzwa kwenye mifuko, ni mgumu zaidi kuupima, kwa sababu mlaji hutia jani zima kinywani, gumba baada ya gumba, hali mlaji wa giza au kangeta huambua ganda kwa meno, akatafuna na majani mawili matatu ya ncha, kijiti akakitupa. Anayesema "mimi hula bunda moja tu" hajasema chochote kuhusu kiasi kilichoingia mwilini mwake.

Kilichoingia huingia polepole, na upole huo ni jambo kubwa katika habari nzima. Mtu hutafuna, hukusanya kile alichotafuna kwenye shavu moja, huongeza kingine, humeza maji yake. Watafiti wa Ujerumani waliwapa watu wanne ambao hawakuwa walaji majani ya miraa watafune kwa saa moja, kisha wakapima damu yao na pia wakapima makapi yaliyotemwa. Katika makapi ilibaki takriban asilimia 9 tu ya alkaloidi. Kwa hiyo meno na mate hufanya kazi nzuri sana ya kukamua. Zaidi ya nusu ya kathinoni ilipita kwenye ngozi laini ya ndani ya shavu, na iliyosalia ikamezwa na kufyonzwa na utumbo. Kiwango cha kathinoni katika damu kilifika kilele yapata saa mbili na kidogo tangu kuanza kutafuna.

Linganisha na kidonge cha amfetamini, ambacho kipimo chake chote humezwa mara moja. Mlaji wa miraa anajaza pipa kwa kikombe, na hata ini lake huanza kulimwaga pipa hilo kabla halijajaa, maana kathinoni hugeuzwa haraka na ini kuwa norefedrini. Kwa uzito uleule, kathinoni ina takriban nusu ya nguvu ya amfetamini. Kwa hiyo wanaoiweka miraa fungu moja na heroini hawajaliangalia jani lenyewe. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipoitazama mwaka 2006 haikupendekeza jani liwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, ingawa kathinoni na kathini zenyewe zimo katika orodha za mkataba wa 1971. Nchi nazo zimeamua kila moja kivyake: Tanzania inaihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya, Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014, Kenya inaiandika kama zao.

Ila upole wa kuingia una upande wake wa pili. Kwa kuwa kilele kinachelewa, mlaji hana alama ya kumwambia sasa inatosha. Anapohisi bado, ile aliyokula saa iliyopita ingali njiani.

Kathinoni inapofika ubongoni inafanya kama amfetamini. Peter Kalix wa Geneva, aliyeichunguza kwa miaka mingi baada ya kugunduliwa, alionyesha kwamba inaingia kwenye ncha za seli za fahamu na kuzilazimisha zimwage akiba yao ya dopamini. Pia hutoa noradrenalini, ile inayokaza mishipa na kuupiga moyo mbio. Dopamini ndiyo inayofanya jambo lionekane lina maana na linawezekana. Tazama maskani yoyote ya Mombasa jioni. Nusu saa ya kwanza watu wanapanga mafungu, mmoja ananunua bablishi na njugu, mwingine anaambua na kutupa vijiti miguuni, na maneno ni machache. Kufikia saa ya pili handasi imeshika. Aliye kimya amekuwa msemaji, macho yamefunguka, ugomvi wa mchana umepata ufumbuzi, na mipango ya biashara inakwenda kwa mpangilio mzuri kabisa. Si kwamba mtu amelewa. Hapepesuki, hamung'unyi maneno, hasahau alichosema. Anafikiri haraka na anajisikia anafikiri vizuri. Hayo ni mambo mawili tofauti, na dutu hii huongeza la pili kwa uhakika zaidi kuliko la kwanza.

Kisha inafika saa ambayo wasimulizi wa raha ya miraa huipita haraka. Mazungumzo yanakatika. Kila mtu anaingia ndani ya kichwa chake, anatazama simu au barabara, na lile wazo lililokuwa zuri linaanza kuzunguka bila kutoka. Seli zimemwaga akiba, kathinoni inashuka, na hakuna kinachoijaza akiba hiyo haraka. Utafiti uliofanywa Yemen kwa watu wenye afya, uliochapishwa mwaka 2002, uliwapima wasiwasi na huzuni kwa dodoso la kihospitali kabla ya kikao na baada yake. Alama za wasiwasi na za huzuni zilipanda kuhusiana na kikao, na kufikia siku ya pili zikarudi zilipokuwa. Kwa mtu aliye mzima hilo ni jambo la kupita. Kwa mtu aliyeingia kikaoni tayari ana huzuni, na wengi huingia kwa sababu hiyohiyo, saa ile ya kushuka ni hatari, kwa kuwa inamkuta peke yake, usiku, na hawezi kulala. Dawa anayoiona iliyo karibu ni kuongeza gumba jingine.

Wakati huo mwili nao una habari zake. Katika utafiti mwingine wa Yemen, watu 80 wenye afya walitafuna kwa saa tatu. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo vilipanda, na saa moja baada ya kuacha kutafuna vilikuwa havijarudi chini. Mwenye presha anayesema miraa yake ni ya jioni tu anapaswa kuujua huo muda.

Twende kwenye njaa, ambapo kemia ya jani hili inaeleweka vizuri zaidi kuliko watu wanavyodhani. Dutu zote tatu zina undugu na dawa za kukata hamu ya kula. Amfetamini yenyewe ilitumika kupunguza unene. Kathini imewahi kuuzwa katika baadhi ya nchi kama dawa ya kupunguza hamu ya chakula. Na norefedrini ni nusu ya mchanganyiko ulioitwa fenilipropanolamini, uliouzwa Marekani kwa miaka mingi kwa wanaotaka kupungua na kama dawa ya mafua, hadi mamlaka ya dawa ya huko ilipotaka iondolewe madukani mwaka 2000 kwa sababu ilihusishwa na kupasuka kwa mishipa ya damu ubongoni. Mlaji wa miraa anakula dutu hizo zote pamoja, kwa kiasi kidogo kidogo, kwa saa nyingi.

Watafiti wa London walilipima jambo hili kwa njia rahisi. Watu sita walitafuna miraa siku moja na majani ya saladi siku nyingine, saa tatu kila mara, ili kutenganisha kazi ya jani na kazi ya kutafuna tu. Siku ya miraa njaa ilipungua na kushiba kuliongezeka, na kadiri kathinoni ilivyokuwa nyingi katika damu ndivyo njaa ilivyokuwa ndogo. Lakini walipopima homoni za njaa na shibe zinazotoka tumboni na kwenye utumbo, hazikubadilika. Maana yake ni kwamba tumbo liliendelea kutuma taarifa zake kama kawaida. Ubongo ndio uliokuwa hausikii. Hitaji la chakula lipo palepale. Mtu aliyekosa chakula cha jioni kwa sababu ya miraa amekikosa kweli, na mwili wake unajua hivyo hata kama yeye hajui.

Uchunguzi mwingine wa London, wa watu 12, ulitazama mwendo wa chakula chenyewe. Chakula cha ujiuji kilichukua muda mrefu zaidi kutoka tumboni kwa aliyetafuna miraa kuliko kwa aliyetafuna saladi. Ndiyo sababu desturi ya Yemen na ya Wasomali ya kula chakula kizito cha mchana kabla ya kikao ina busara ndani yake: kile kilichoingia kabla kinakaa, na baada ya hapo hakuna kitakachoingia. Anayeanza kutafuna tumbo tupu, kama wanavyofanya vijana wengi wa muguka wanaoanza asubuhi, hana akiba hiyo. Mchana mzima wake unaendeshwa na soda na chai ya rangi yenye sukari nyingi, kwa kuwa mdomo umekauka, jani ni chungu, na sukari ndiyo pekee isiyomkataa. Tanini iliyomo katika miraa inakaza ngozi ya kinywa na utumbo, na pamoja na ile noradrenalini huleta kufunga choo, malalamiko ambayo daktari yeyote wa Pwani ameyasikia mara nyingi bila miraa kutajwa.

Mwenye kisukari ndiye ninayemwogopea zaidi hapa. Amemeza dawa yake ya jioni au amejidunga insulini akitegemea atakula saa mbili usiku. Saa mbili inafika, yumo kikaoni, hana njaa hata kidogo, na chakula cha mchana kilikwisha kwenda. Sukari inashuka. Dalili za kushuka kwa sukari ni moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka na wasiwasi, na zote hizo zinafanana na miraa iliyokolea. Wenzake hawatajua tofauti, na huenda yeye mwenyewe asijue. Mara nyingine ni kinyume: chupa tatu za soda zimeipandisha sukari, na kikao chote anajisikia vizuri. Kwa mgonjwa huyu ushauri wa "punguza miraa" hautoshi. Anahitaji kuambiwa ale kabla ya kuanza, apime sukari akiwa bado anatafuna, na asidai kwamba kutosikia njaa ni ushahidi wa kushiba.

Usingizi ndio unaobeba gharama kubwa kuliko yote, na hesabu yake inafaa kufuatwa hatua kwa hatua.

Chukua mtu wa kilo 70 anayekaa kikaoni saa kumi na mbili jioni na kutema la mwisho saa nne usiku, akiwa amemaliza gramu 100 za majani ya wastani. Ukitoa ile asilimia 9 iliyobaki kwenye makapi, ameingiza takriban miligramu 33 za kathinoni na 109 za kathini. Kwa kuwa ametafuna mfululizo, kathinoni katika damu yake iko karibu na kilele saa nne usiku, na ile aliyoimeza mwishoni bado inafyonzwa. Katika utafiti ule wa Ujerumani, kathinoni ilipungua nusu kila baada ya saa moja na nusu. Utafiti wa Uswisi ulipata muda mrefu zaidi, kama saa nne. Basi kufikia saa nane usiku inayobaki ni kati ya chini ya moja ya tano na nusu, kutegemea mwili wa mtu. Kathini ina mwendo mwingine. Yenyewe huchukua kiasi cha saa tano kupungua nusu. Kwa hiyo saa tisa usiku nusu yake ingalimo, na saa mbili asubuhi, wakati mtu yuko kazini, robo ingali inazunguka.

Weka saa hizo mbili pamoja utaona usiku wa mlaji wa miraa ulivyo. Kathinoni, iliyoleta raha, inaondoka kwanza. Kathini, ambayo haina raha ya kutajwa lakini inatosha kuuweka moyo macho, inabaki nyuma. Kati ya saa sita na alfajiri mtu hana handasi na hana usingizi. Amechoka, taya linauma, mawazo yanakwenda mduara, na amelala chali akisikiliza mapigo yake. Ukiongeza vikombe vitatu vya chai nyeusi au kahawa, kafeini nayo ina muda wa kupungua nusu unaokaribia saa tano, na inatembea bega kwa bega na kathini.

Usingizi unapokuja, unakuja pungufu. Dawa za jamii ya amfetamini huchelewesha kulala na hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi. Mwenye miraa hulala alfajiri, huamka saa nne au saa tano akiwa mzito, mwenye hasira za karibu, na ifikapo alasiri kitu kimoja tu kinamwamsha vizuri. Hapo ndipo tabia inapojengeka, na si lazima kwa kutamani raha. Wengi wa walaji wa kila siku ninaowajua hawazungumzii raha tena; wanazungumzia kuweza kufanya kazi. Mlinzi wa usiku na dereva wa lori la Mombasa hadi Malaba wanainunua kama kifaa cha kazi, na kwa usiku mmoja kifaa hicho kinafanya kazi kweli: kinamweka mtu macho. Kisichofanya ni kulipa deni la usingizi. Deni linasogezwa mbele, na dereva anakutana nalo pale kathinoni inaposhuka, mara nyingi kwenye saa za mwisho za safari, wakati anaamini bado yuko imara.

Wengine huamua kuukata usiku kwa nguvu. Ethiopia kuna desturi ya kunywa pombe baada ya kutafuna, nayo ina jina lake, chebsi. Kwetu wapo wanaotumia pombe, bangi, au vidonge vya diazepamu vilivyonunuliwa duka la dawa bila cheti. Pombe humlaza mtu haraka lakini humwamsha katikati ya usiku, na diazepamu ina utegemezi wake ambao ni mgumu kuliko wa miraa yenyewe. Mara nyingi kituo cha afya kinampokea mtu kwa tatizo la hiyo dawa ya pili, na ya kwanza haiulizwi.

Kuna hatua zaidi ya hapo, na Pwani tumeibishania sana tangu magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipoupiga marufuku muguka mwezi Mei 2024 na mahakama ikasimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Upande mmoja ulisema muguka unawatia vijana wazimu. Upande wa pili ukasema wazee wa Meru wameutafuna mti huu vizazi na vizazi. Kila upande ulikuwa na kipande cha ukweli. Watafiti wakiongozwa na Michael Odenwald walikwenda Hargeisa nyumba kwa nyumba, wakachapisha mwaka 2005 kwamba wenye ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kushuku watu walikuwa wameanza kutafuna wakiwa wadogo zaidi na walitafuna zaidi kuliko wenzao. Hargeisa ni mji uliopita vitani, na vita navyo vina mchango wake. Lakini mwelekeo huo unalingana na kemia: kiasi kikubwa, umri mdogo, na siku nyingi za kukesha mfululizo, ambazo peke yake zinatosha kumvuruga akili mtu mzima. Mzee wa Igembe anayetafuna mchana pamoja na wenzake, akala, akalala saa tatu usiku, hafanyi kitu kimoja na kijana anayetafuna kuanzia asubuhi hadi asubuhi, hata kama mti ni uleule.

Dalili za kwanza huonekana nyumbani kabla ya hospitali. Mtu amekosa usingizi usiku wa pili, anafunga madirisha, anaamini majirani wanamsema, anaulizia nani alikuwa mlangoni. Katika visa vingi vilivyoandikwa na madaktari, akiachishwa miraa na kulazwa akalala, mambo hayo huisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi, mara nyingine kwa msaada wa dawa. Yakiendelea baada ya hapo, ni ugonjwa mwingine unaohitaji matibabu yake, na familia inayoendelea kuilaumu miraa itakuwa inapoteza muda wa mgonjwa.

Kuacha kwenyewe hakuna mateso ya arosto anayopata anayeacha heroini. Siku za kwanza ni uzito, usingizi mwingi, hasira, njaa inayorudi kwa nguvu, na ndoto mbaya zilizo wazi kupita kawaida, maana ubongo unaifidia ile sehemu ya usingizi iliyokatwa. Ndoto hizo huwarudisha wengi kwenye miraa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba zitakuja na kwamba zitapita. Daktari au muuguzi akitaka kumsaidia mtu wa namna hii, aanze kwa kumuuliza anaanza kutafuna saa ngapi, anatema la mwisho saa ngapi, anakula saa ngapi, na ni nini anachokunywa ili alale. Kwa mtu ambaye bado hayuko tayari kuacha, kuhamisha kikao kutoka usiku kwenda alasiri, baada ya chakula cha mchana na bila kahawa, na kutema la mwisho kabla ya magharibi, kunaipa kathini saa nyingine nne za kutoka kabla ya kichwa kugusa mto.